Kutoa vijiwe vya nyongo bila kupasuliwa: Hatari iliyopo ni kongosho kuvimba

KIJIWE kinapotoka katika mfuko wa nyongo na kukwama ndani ya mfereji, nyongo hushindwa kuteremka utumboni. Macho huwa ya manjano, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi na kinyesi hupauka. Homa na kutetemeka vikiongezeka, mfereji umeshika maambukizi na mgonjwa hafai kucheleweshwa.

Tiba yake ni endoskopi ya mfereji wa nyongo, ambayo hospitalini huandikwa kwa herufi ERCP. Ukataji wa mlango wa mfereji kwa njia hii ulielezwa mwaka wa 1974 na madaktari wa Ujerumani na Japani.

Mgonjwa hufunga kula kwa saa sita au zaidi, hupimwa kama damu yake huganda vyema, kisha hudungwa dawa ya usingizi. Daktari hupitisha mpira wenye kamera kinywani hadi mwanzo wa utumbo mwembamba. Hapo huingiza waya katika mlango wa mfereji, humwaga dawa inayoonekana kwa eksirei, huupanua mlango kwa waya wa umeme, kisha hukokota vijiwe kwa puto dogo au kikapu.

Tatizo ni kwamba kongosho nalo kwa kawaida humwaga maji yake kupitia mlango uo huo. Mlango ukivimba, au dawa ikiingia upande usiofaa, kongosho huvimba. Hali hii huwapata wagonjwa kati ya watatu na kumi katika kila mia. Wanawake wenye umri mdogo na waliowahi kuugua kongosho wamo hatarini zaidi. Kinga iliyothibitishwa ni miligramu 100 za indomethasini au diklofenaki kupitia njia ya haja kubwa, ila kwa wasioruhusiwa dawa hizo, kama wenye figo dhaifu.

Dalili yake ni maumivu makali juu ya kitovu yanayopenya hadi mgongoni, pamoja na kutapika. Yakidumu zaidi ya siku moja, na kipimo cha amilesi katika damu kikizidi kiwango cha kawaida mara tatu, ugonjwa umethibitika.

Chukua mfano wa mgonjwa kutoka Merti, kiasi cha kilomita 200 kutoka mji wa Isiolo, aliyetibiwa Nairobi. Akipanda gari jioni ile ile, maumivu yanaweza kumkuta njiani, mbali na maji ya mishipa anayoyahitaji. Ni heri alale karibu na hospitali usiku mmoja au miwili. Hata akisharejea nyumbani, kinyesi cheusi kama lami ni ishara ya kuvuja damu, jambo linaloweza kutokea baada ya siku kadhaa.

Vilevile aulize kama amewekewa mrija wa plastiki. Mrija huo huziba, na hutakiwa kutolewa au kubadilishwa katika muda wa miezi mitatu hivi. Akiusahau, homa na macho ya manjano vitarejea.