Ulilipa kodi, lakini DGI inasema bado: ufanye nini?

Mfano: mwenye duka wa Bunia analipa kodi ya mishahara ya wafanyakazi ku banki tarehe 14. Mwisho ni tarehe 15. Kisha AMR inamufikia: anadaiwa kodi ileile, pamoja na penalite na faida ya kuchelewa yenye kupanda kila mwezi.

Usilipe mara ya pili. Angalia kwanza bordero ya banki: nimero ya impo, aina ya kodi, mwezi, tarehe. Tarakimu moja ikikosewa, malipo yanaweza kuandikwa kwa mutu mwingine.

Andikia DGI barua ya malalamiko, weka kopi ya bordero, wakupigie muhuri ya kupokea. Orijinali ibaki kwako: ile tarehe 14 ndiyo inaonyesha hukuchelewa.