"Ji" ya Kujitegemea ni ya Nani?

Mwalimu anayehakiki kitabu cha elimu kwa ajili ya jarida la walimu wenzake huvutwa kufuata sura kwa sura, na mwisho wake huwa ameandika muhtasari. Mimi hupenda kushika istilahi moja tu na kuifuata kila inapojitokeza, hadi nijue mwandishi anamtaka mtoto afanye nini.

Chukua kijitabu cha Mwalimu Nyerere, Elimu ya Kujitegemea, kilichotoka Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha. Neno kuu ni kujitegemea, na ndani yake kuna kile kiambishi kidogo "ji". Kinamrejea nani? Mahali pengine ni taifa maskini la wakulima. Pengine ni shule, inayotakiwa kuchangia gharama zake kwa shamba au karakana. Pengine ni mwanafunzi, ambaye Nyerere anamtaka awe na akili ya kudadisi na ajiamini. Nafsi hizo tatu hazipatani siku zote. Shule inaweza kuvuna magunia tele kwa kuwageuza watoto vibarua. Shule itakuwa imejitegemea, mtoto hapana.

Nyerere mwenyewe aliiona hatari hiyo, ndiyo maana alisisitiza wanafunzi washiriki katika kuamua na waone faida ya jasho lao. Hapo ndipo istilahi yake hupimika. Tuseme shule ina ekari moja ya mahindi. Nani kachagua mbegu? Ikipandwa kwa sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina, mbegu moja kila shimo, ekari hiyo itabeba mashina yapatayo 18,000. Je, hesabu hiyo wameifanya watoto darasani, au wamepewa kamba na kuamriwa wachimbe? Daftari la mauzo liko kwa nani? Kama kila jibu ni "mwalimu", basi hicho ni kilimo cha shule. Kukiita kujitegemea ni kulipora neno maana yake. Shuleni jina Elimu ya Kujitegemea likafupishwa hata likawa "EK", na kwa watoto wengi herufi hizo mbili zikamaanisha saa ya jembe.

Lawama yote si ya shule. Kijitabu kinaushusha mtihani hadhi na kutaka kazi ya mwanafunzi kwa shule na jamii yake nayo ithaminiwe, ila hakimwachii mwalimu kipimo cha kuithamini. Atampaje alama mtoto aliyetunza daftari vizuri, au aliyepinga kwa hoja uamuzi wa kuuza mahindi mapema? Nafasi za sekondari zilikuwa chache na zilihitaji mchujo, na karatasi ya mtihani ilikuwa na alama zinazojumlishika. Katika uhakiki wangu ningeipa sehemu hiyo ya mtihani aya ndefu kuliko zote, maana ni hapo "ji" ya mwanafunzi ilipokosa mtetezi.