Hitilafu za Hati katika Barua ya Muamana
Ni tofauti baina ya masharti ya barua ya muamana na hati zilizowasilishwa benki, nazo huchelewesha malipo ya muuzaji hata shehena ikiwa salama. Tuseme korosho ghafi zimepakiwa Bandari ya Mtwara kwenda Tuticorin, Bara Hindi, siku 2 baada ya ukomo ulioafikiwa: benki iliyotoa barua, ambayo kwa kanuni za UCP 600 za mwaka 2007 ina siku 5 za kazi za kukagua, yaweza kukataa kwa ilani moja inayotaja kila hitilafu. Ankara iliyokosewa huandikwa upya kabla ya muda kwisha. Bali tarehe ya kupakia, kwa kuwa imekwisha kutukia, haibadilishwi kwa halali, hivyo muuzaji humwomba mwagizaji aridhie, naye aghalabu hutaka kwanza apunguziwe bei.