Ngome ya Bagamoyo na Maelezo ya Kiongozi Wake

Mgeni aingiapo Ngome Kongwe ya Bagamoyo hupokewa na kiongozi, naye huanza habari zake mlangoni. Husema kwamba nyumba hii ilijengwa mnamo 1860 na mfanyabiashara Mwarabu, Abdallah Suleiman Marhabi, na kwamba baadaye Seyyid Barghash wa Unguja aliitia nguvu ikawa ngome ya askari wake Wabulushi. Kisha huwaongoza wageni uani na katika vyumba vya chini. Hapo husimulia kwamba watumwa walifungiwa kungoja majahazi ya Unguja, na kwamba walipitishwa njia ya chini ya ardhi hadi pwani.

Yafaa tuyapime maneno hayo. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza, akakataza kusafirisha watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Basi, ikiwa watumwa waliwekwa humu kwa dhahiri, muda wake ulikuwa kama miaka 13 tu. Baada ya hapo biashara iliendelea kwa siri.

Tena, bidhaa kuu ya Bagamoyo ilikuwa pembe za ndovu. Watumwa wengi waliopelekwa Unguja walitoka pande za Ziwa Nyasa na kupakiwa Kilwa. Wapagazi walioshuka Bagamoyo walikuwa hasa Wanyamwezi, watu huru waliolipwa ujira. Hata hivyo, utumwa wa Bagamoyo si hadithi. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika huko mwaka 1868, walijenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani.

Jambo la tatu ni la vyumba vyenyewe. Katika enzi ya ukoloni ngome hii ilifanywa gereza, ikabaki hivyo hadi 1974. Kwa hiyo mgeni aonaye chumba cha kufungia watu asikate shauri upesi kwamba kilifungia watumwa. Huenda kilifungia wahalifu wa karne iliyofuata. Hapa lugha yatusaidia. Neno gereza limetokana na igreja ya Kireno, yaani kanisa. Ngome ya Wareno ya Mombasa ilikuwa na kanisa ndani yake, na Waswahili wakaiita ngome gereza. Hata leo ngome ya Kilwa Kisiwani huitwa hivyo. Ngome zilipogeuzwa kuwa vifungo, neno nalo likageuka pamoja nazo.

Sisi wa Kampala hatuwezi kuisikiliza habari hii kama wageni tu. Njia iliyoanzia Bagamoyo ilipita Tabora na Karagwe hata Buganda, ambako Kabaka Suna na Mutesa walipokea nguo na bunduki, wakatoa pembe, na watu pia. Kiswahili kilikuja kwetu kwa njia hiyo hiyo. Mwalimu awapelekaye wanafunzi Bagamoyo na awafundishe kumwuliza kiongozi, kwa kila chumba, swali moja: chumba hiki kilitumika hivyo mwaka gani?