Jaza pengo kwa mzizi uliopewa: soma sentensi kwanza, kiambishi tamati kitafuata

Wanafunzi kadhaa wanaosikiliza kipindi chetu cha jioni wametutumia ujumbe wakiuliza kuhusu swali moja la Kiswahili. Ni lile la kujaza pengo, ambapo unapewa sentensi yenye nafasi wazi na kando yake neno moja kwenye mabano, kwa mfano (haribu) au (tulia), nawe unatakiwa kuligeuza liwe jina, kivumishi au kielezi kinachofaa hapo. Katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE, sehemu ya matumizi ya lugha huwa na alama 40 kati ya 80, na maswali ya kuunda neno kutokana na jingine hutokea humo mara kwa mara. Hata mzazi aliyemaliza shule zamani anaweza kusoma maelezo haya, kwa sababu mwishoni tutafika kwenye karatasi ambayo huenda akatakiwa kuitia sahihi yeye mwenyewe.

Tuanze na zoezi lenyewe. Soma kifungu hiki chote kabla ya kujaza chochote.

Ukame ulileta (1) ____ (haribu) mkubwa kijijini. (2) ____ (fuga) wengi walipoteza ng'ombe wao. Wazee (3) ____ (vumilia) walikaa wakingoja mvua. (4) ____ (lalamika) wa kwanza alimwambia chifu kwamba kisima hakikutunzwa (5) ____ (zuri). Chifu alimjibu kwa (6) ____ (tulia), akasema kwamba (7) ____ (iba) wa pampu ulitokea usiku.

Kosa la wengi ni kukimbilia mabano. Mwanafunzi akiona (haribu), kichwani hujitokeza neno analolisikia zaidi, labda "mharibifu", analiandika na kusonga mbele. Afadhali ufunike mabano kwa kidole na kusoma maneno yaliyozunguka pengo. Katika pengo la kwanza, kitenzi ni "ulileta" na baada ya pengo kuna "mkubwa". Ukame ulileta kitu gani? Tunatafuta jina la kitu au la hali. "Mkubwa" peke yake hakutoshi kuamua, maana tunasema mharibifu mkubwa na uharibifu mkubwa vilevile. Lakini ukame hauleti mtu. Kwa hiyo jibu ni "uharibifu".

Hapo tumeona jambo la msingi. Mzizi "haribu" umepata kiambishi tamati "-ifu", tukapata "-haribifu". Sehemu hiyo haibadiliki. Kinachobadilika ni kiambishi cha mbele: ukiweka m- unapata mtu, ukiweka u- unapata hali au tendo, na ukiambatanisha na jina jingine unapata kivumishi, kama panya waharibifu. Ndiyo maana katika Kiswahili kiambishi tamati pekee hakitoshi. Mwisho wa neno husema ni aina gani ya wazo, na mwanzo wake husema ni nani au ni nini. Mwanafunzi aliyeshika mwisho na kuusahau mwanzo hupoteza alama akiwa karibu kabisa na jibu.

Pengo la pili lina mtego wake. Kutokana na "fuga" tunapata mfugaji, yaani mtu, ufugaji, yaani kazi yake, na mfugo, yaani mnyama anayefugwa. Neno "wengi" halitusaidii sana, kwa sababu watu wengi husema "mifugo wengi" kwa kuwa ni viumbe hai. Soma hadi mwisho wa sentensi: "walipoteza ng'ombe wao". Mbuzi hapotezi ng'ombe wake. Jibu ni "wafugaji", na usisahau wingi.

Hapa inafaa kueleza tofauti ya "-aji" na "-o", maana zinachanganywa sana. Kiambishi "-aji" humtaja anayefanya jambo mara kwa mara, kama msomaji, mchezaji na mfugaji, au ukianza na u- hutaja ule utendaji wenyewe, kama usomaji na ufugaji. Kiambishi "-o" hutaja kitu kinachohusika na tendo: matokeo yake, kifaa chake au kinachotendewa. Kutokana na "lipa" tunapata malipo, "pima" hutupa kipimo, "fagia" ufagio, na "cheza" mchezo. Ukijiuliza kama pengo linataka mtu, kazi au kitu, mara nyingi utakuwa umeshachagua kati ya hivyo viwili.

Pengo la tatu linataka neno la kuwaeleza wazee, yaani kivumishi. "Vumilia" huishia na -ia, na vitenzi vingi vinavyoishia na irabu mbili hivyo huchukua "-vu": vumilia, -vumilivu; tulia, -tulivu; legea, -legevu; potea, -potevu; angaa, -angavu. Vingine vingi huchukua "-ifu", kama haribu, danganya na tii, vinavyotupa -haribifu, -danganyifu na -tiifu. Huu ni mwelekeo tu, si sheria isiyo na mwanya. "Sahau" huishia na irabu mbili lakini hutupa -sahaulifu. Kwa kuwa wazee ni wengi, jibu ni "wavumilivu". Kuna wanaoandika "waliovumilia". Sentensi inasomeka sawa, ila hicho ni kitenzi chenye kirejeshi, na swali likitaka kivumishi hupati alama.

Sasa tufike kwenye pengo la nne, ambalo mimi hulipenda kuliko yote. Mtu anayelalamika mbele ya chifu au mahakamani, hapa Kenya tunamwita "mlalamishi". Ile k ya "lalamika" imekwenda wapi? Kiambishi "-i" cha kumtaja mtendaji kina tabia ya kubadilisha konsonanti inayokitangulia. Sauti k huwa sh: pika hutupa mpishi, andika mwandishi, cheka mcheshi. Sauti t huwa s, ndiyo maana anayefuata ni mfuasi. Sauti d huweza kuwa z, kama linda na mlinzi, au penda na mpenzi. B huweza kuwa v, kama gomba na mgomvi.

Halafu kuna vitenzi ambavyo huioni konsonanti yoyote ya kubadilishwa, lakini z inatokea: lea na mlezi, okoa na mwokozi, tembea na mtembezi, jua na mjuzi. Vitenzi hivi vilikuwa na l zamani, ikapotea katikati ya irabu. Bado utaisikia ukivinyambua katika kauli ya kutendea: lelea, okolea, tembelea, julia. Hiyo l iliyojificha ndiyo hugeuka kuwa z. Ukiwa na shaka ndani ya chumba cha mtihani, nyambua kitenzi kimoyomoyo, na l ikijitokeza basi jaribu z.

Hata hivyo usiitumie kanuni hii kama panga la kufyekea kila kichaka. "Shinda" ina d, lakini tunasema mshindi, si mshinzi. Na maneno mengine yana njia mbili. Tanzania hupendelea "mlalamikaji" mahali ambapo sisi husema "mlalamishi", na yote mawili ni Kiswahili safi. Mpishi na mpikaji yote yapo pia, ila hayalingani kabisa: mpishi ni mwenye kazi hiyo au ujuzi huo, mpikaji ni yeyote aliyeshika mwiko siku hiyo. Pengo likisema "Hoteli imeajiri ____ (pika) mpya", andika mpishi.

Pengo la tano na la sita ni vielezi, na hapa wengi hutafuta kiambishi tamati ambacho hakipo. Kiswahili hakina kiambishi kimoja cha mwisho kinachogeuza kila neno kuwa kielezi cha namna. Tunatumia mwanzo wa neno, kama vizuri, vibaya na kitoto, au tunatumia "kwa" pamoja na jina. Kisima hakikutunzwa "vizuri". Katika pengo la sita, "kwa" imeshaandikwa, kwa hiyo kinachobaki ni jina la hali, "utulivu". Anayeandika "kwa tulivu" ameliona pengo lakini hakuliona neno lililo mbele yake. Kiambishi tamati cha vielezi kilicho cha kawaida ni "-ni" cha mahali: shamba huwa shambani, kisima huwa kisimani. Kikitakiwa hicho, sentensi itakuwa inajibu swali la wapi.

Pengo la saba linategemea herufi moja. "Iba" hutupa mwizi na wizi, na yote mawili yanaingia vizuri mbele ya "wa pampu". Mwizi wa pampu, wizi wa pampu. Kinachoamua ni kitenzi kinachofuata, "ulitokea". Ingekuwa "alitokea", tungeandika mwizi. Kwa kuwa ni u-, jibu ni "wizi". Mwanafunzi aliyesimama kwenye "wa pampu" bila kufika kwenye kitenzi anabahatisha tu.

Nimesema tutafika kwenye karatasi ya kutiwa sahihi. Chukua sentensi kama hii, ya aina inayoweza kuwamo katika fomu ya mkopo wa chama: "____ (kopa) akishindwa kulipa, ____ (dhamini) atalipa deni lililobaki." Anayechukua pesa ni mkopaji. Anayezitoa ni mkopeshaji, na kiambishi "-esh-" kilicho katikati ndicho kinachogeuza kuchukua kuwa kutoa. Anayeahidi kulipa kwa niaba ya mwingine ni mdhamini, na yule anayewekewa dhamana hiyo ni mdhaminiwa. Kiambishi "-wa" mwishoni humhamisha mtu kutoka kwa anayetenda hadi kwa anayetendewa: mdai anadai, mdaiwa anadaiwa, mwajiri anaajiri, mwajiriwa anaajiriwa, mshtaki amepeleka kesi, mshtakiwa amepelekwa.

Kwa hiyo ukiletewa fomu na jina lako limeandikwa kwenye nafasi ya "mdhamini", nawe ulidhani umeitwa kuwa shahidi tu, usitie sahihi kabla hujauliza. Na wewe uliye na mtihani mwaka huu, jaribu mapengo haya manne kwa kufuata njia ileile. "Mahakama ilimwachilia ____ (shtaki) kwa dhamana." "____ (zaa) ya msimu huu yalioza ghalani." "Mtoto ____ (tii) huwafurahisha ____ (zaa) wake." Majibu ni mshtakiwa, mazao, mtiifu na wazazi. Katika la pili, "ya" na "yalioza" ndizo zilizokukataza kuandika kizazi au uzazi.