Kizingiti cha laktati

Kizingiti cha laktati ni kiwango cha juhudi ambacho mwili ukikivuka, laktati huingia katika damu haraka kuliko inavyoondolewa. Chini yake mkimbiaji au mwendesha baiskeli anaweza kuendelea kwa muda mrefu na hali ya damu yake ikabaki tulivu. Juu yake, laktati hupanda kila dakika, pumzi huwa nzito, na mwisho wa juhudi huwa karibu. Kipimo chenyewe husomwa kwa milimoli za laktati katika lita moja ya damu, ingawa mwanamichezo hukitumia kikiwa kimegeuzwa kuwa kasi, mapigo ya moyo au, kwa mwenye baiskeli, wati.

Laktati hutokana na glukosi. Msuli unapofanya kazi huvunja glukosi na kupata pairuvati, ambayo huingia katika mitokondria, sehemu ya seli inayotumia oksijeni kuzalisha nguvu nyingi. Kasi ya mwendo ikiongezeka, pairuvati huzalishwa kwa wingi kuliko mitokondria zinavyoweza kuipokea, na ile inayobaki hugeuzwa kuwa laktati. Mageuzi hayo yana faida ya papo hapo, kwa kuwa hurudisha kemikali ambayo bila hiyo uvunjaji wa glukosi ungesimama. Hata mtu aliyeketi huzalisha laktati, na damu yake huwa na takriban milimoli 1 kwa lita.

Kwa miongo mingi laktati ilihesabiwa kuwa takataka. Chanzo cha dhana hiyo ni majaribio ya mwanzoni mwa karne ya 20 yaliyofanywa kwa misuli ya chura iliyotolewa mwilini, ambamo asidi ya laktiki ilionekana kuongezeka kadiri msuli ulivyochoka. Otto Meyerhof na Archibald Hill, waliotunukiwa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1922, walijenga nadharia yao juu ya kazi ya aina hiyo. Lakini msuli uliotengwa hauna damu ya kuichukua laktati kuipeleka kwingine. Kuanzia miaka ya 1980, George Brooks wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley alionyesha kwamba katika mwili mzima laktati husafiri: hutoka katika nyuzi za misuli zinazofanya kazi kwa kasi, ikapokewa na nyuzi za mwendo wa polepole zilizo jirani, na moyo, ambao huitumia kama nishati, au na ini, ambalo huirudisha kuwa glukosi. Maumivu ya misuli yanayokuja siku moja au mbili baada ya mazoezi, ambayo bado husingiziwa laktati viwanjani, hayatokani nayo. Kufikia wakati huo imekwisha kuondoka zamani. Saa moja baada ya mazoezi damu kwa kawaida huwa imerudi karibu na hali yake ya mapumziko.

Kinachopimwa katika damu, basi, ni salio kati ya laktati inayozalishwa na inayotumika. Salio hilo lina hatua mbili zinazotambulika. Ya kwanza ni pale laktati inapoinuka kidogo juu ya hali ya mapumziko, mara nyingi karibu na milimoli 2. Huu ni mwendo ambao mtu bado anaweza kuzungumza sentensi nzima. Ya pili ni kiwango cha juu kabisa ambacho laktati, hata ikiwa imepanda, bado hutulia mahali pamoja. Watafiti huitafuta hatua hii kwa kumkimbiza mtu dakika 30 kwa kasi isiyobadilika: ikiwa laktati haikupanda zaidi ya milimoli 1 kati ya dakika ya 10 na ya 30, kasi hiyo bado iko ndani ya mpaka. Makocha wanaposema kizingiti, kwa kawaida wanamaanisha hatua hii ya pili, na ndiyo inayokusudiwa hapa. Desturi ya kuihesabu kuwa milimoli 4 kwa kila mtu ni makadirio tu. Wapo ambao laktati yao haitulii ikipita milimoli 3, na wapo wanaohimili 5 au zaidi.

Kipimo cha maabara au uwanjani huenda kwa ngazi. Mkimbiaji hukimbia dakika 4 au 5 kwa kasi moja, husimama kidogo, tone la damu huchukuliwa kwenye ncha ya kidole au ndewe ya sikio, kisha kasi huongezwa. Chukua mfano wa mkimbiaji wa kuwaziwa. Kwa kilomita 11 kwa saa anapata milimoli 1.2, na kwa kilomita 12 anapata 1.4. Kwa kilomita 13 anafika 1.9, kwa 14 anafika 2.8, kwa 15 anafika 4.3, na kwa 16 anaruka hadi 7.0. Mstari unaochorwa kutokana na namba hizi huwa karibu tambarare mwanzoni, hupinda, kisha hupanda kwa ukali. Kizingiti chake kiko mahali fulani kati ya kilomita 14 na 15 kwa saa, yaani dakika 4 na sekunde chache kwa kila kilomita. Mazoezi ya chini kidogo ya kizingiti kwake yatakuwa kwenye kilomita 14, ambayo ni dakika 4 na sekunde 17 kwa kilomita moja.

Kwa nini abaki chini ya mpaka, badala ya kuuvuka? Sababu ya msingi ni muda. Kinachoujenga uwezo wa msuli kutumia laktati ni kuwa na mtiririko mkubwa wa laktati na oksijeni kwa dakika nyingi mfululizo. Chini kidogo ya kizingiti mtiririko huo tayari ni mkubwa: nyuzi nyingi za misuli zinashiriki, zikiwemo baadhi ya zile za kasi ambazo mwendo wa taratibu hauzigusi, na bado mwili unamudu kuondoa kila kinachozalishwa. Mkimbiaji wa mfano wetu anaweza kukusanya dakika 30 hadi 40 za kazi hiyo katika kikao kimoja. Akipandisha kasi hadi kilomita 16 kwa saa, ioni za haidrojeni hulundikana pamoja na laktati, misuli huanza kushindwa kujikaza vizuri, naye atamudu labda dakika 15 kwa jumla kabla ya kikao kuharibika. Kesho yake miguu itadai mapumziko marefu. Nyongeza ya kasi imemgharimu nusu ya muda wa kazi au zaidi.

Juma baada ya juma, msuli unaofanyishwa kazi hivyo huongeza mitokondria, mishipa midogo ya damu inayozunguka nyuzi zake, na protini zinazoivusha laktati kutoka upande mmoja wa ukuta wa seli hadi mwingine. Pairuvati nyingi zaidi hupata pa kuingia, na laktati inayotokea huchukuliwa mapema. Mstari wa kipimo husogea kulia: kasi iliyokuwa ikileta milimoli 2.8 sasa inaleta 2.2, na kizingiti kinahamia kasi ya juu zaidi. Hayo yanaweza kutokea hata kama kiwango cha juu kabisa cha mtu kutumia oksijeni hakijabadilika. Asiye na mazoezi hufikia kizingiti akitumia takriban asilimia 50 hadi 60 ya uwezo huo; aliyefunzwa miaka mingi hufika asilimia 80 na zaidi. Ndiyo maana wakimbiaji wawili wenye mapafu na mioyo ya nguvu sawa wanaweza kuachana kwa dakika kadhaa katika mbio za marathoni, ambazo bingwa huzikimbia akiwa chini kidogo tu ya mpaka huu.

Katika utekelezaji, kazi hii hufanywa kwa mwendo mmoja wa dakika 20 hadi 30, ambao wakimbiaji huuita tempo, au hukatwa vipande. Kwa mfano wetu, vipande 5 vya dakika 6 kwa kilomita 14 kwa saa, pamoja na dakika 1 ya kutembea au kukimbia polepole baada ya kila kimoja, hutoa kilomita 7 za kazi. Mapumziko mafupi hayo huzuia laktati isipande kikao kinapoendelea. Wanorwe ndio waliosukuma ukataji huu mbali zaidi. Marius Bakken, aliyekuwa mkimbiaji wa mita 5,000, alifanya vikao viwili vya aina hii kwa siku moja huku akichoma kidole kupima laktati, na utaratibu huo baadaye ulijulikana dunia nzima kupitia Jakob Ingebrigtsen, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 huko Tokyo na mita 5,000 huko Paris.

Mwendesha baiskeli ana wepesi mmoja: kipima nguvu kilichofungwa kwenye baiskeli humwonyesha wati anazotoa papo hapo, upepo uvume au usivume. Njia iliyozoeleka ni kuendesha dakika 20 kwa nguvu zote anazoweza kuzidumisha, kisha kuchukua asilimia 95 ya wastani wake. Aliyepata wastani wa wati 260 atahesabu kizingiti chake kuwa wati 247, na mazoezi ya asilimia 90 ya hapo yatakuwa karibu wati 222, pengine kwa vipande 3 vya dakika 15. Mapigo yake ya moyo kwenye kizingiti huwa kwa kawaida machache kuliko akikimbia, kwa sababu baiskeli hutumia misuli michache zaidi, hivyo namba za mchezo mmoja hazihamishwi kwenye mwingine.

Kosa la kawaida ni kwenda kasi kupita kiasi, na wenye bidii ndio huliangukia zaidi. Dalili huonekana bila kifaa: kipande cha mwisho kinakuwa cha polepole kuliko cha kwanza, au mkimbiaji anayepaswa kuweza kutoa maneno machache kati ya pumzi anashindwa kutamka hata mawili. Mwenye kifaa huona laktati ikipanda kutoka kipande hadi kipande. Kifaa nacho hudanganya. Jasho lina laktati nyingi, kwa hiyo tone la kwanza la damu hufutwa na ngozi hukaushwa kabla ya kupima. Aliyekuja na akiba ndogo ya glikojeni, kwa kula kidogo au kwa uchovu wa jana, huonyesha namba za chini zinazomfanya ajione imara kuliko alivyo.

Joto na mwinuko pia huushusha mpaka. Mkimbiaji aliyepimwa Mombasa akienda Iten, kwenye mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari, atakivuka kizingiti chake kwa kasi ileile iliyokuwa ya chini yake pwani. Huko hupaswa kupimwa upya au kuongozwa na pumzi badala ya saa.