Yule "binadamu" wa vitabu vya saikolojia ni mwanafunzi wa chuo

SEHEMU YA 1

Nimetoka zamu ya usiku, usingizi umegoma, basi acha niandike ule uzi niliowaahidi. Ni mrefu, chukua chai.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Nikiwa mwaka wa mwisho wa shahada ya uuguzi nilifanya utafiti kuhusu jinsi vijana wanavyokabiliana na msongo wa mawazo. Mpango ulikuwa niende wodini na vijijini. Kibali kikachelewa, nauli ikakata, tarehe ya kukusanya kazi ikakaribia. Nikafanya wanachofanya wengi: mchana mmoja baada ya kipindi niligawa dodoso kwa wenzangu darasani. Kabla jua halijazama nilikuwa na majibu 64. Nikaandika hitimisho kwamba "vijana wa Tanzania" hukabiliana na msongo kwa kuzungumza na marafiki. Msimamizi akasaini, nikapata alama nzuri.

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa wodi ya watoto, mama kijana mtoto wake amelazwa wiki ya pili. Hali wala halali. Nikamwambia kama nilivyoandika: "Dada, ongea na marafiki zako, usikae nayo moyoni." Akaniangalia kwa huruma kama mimi ndiye mgonjwa. "Marafiki gani, nesi? Mimi niliolewa mbali. Nikisema, maneno yatamfikia mama mkwe kabla sijafika nyumbani."

Hapo ndo nikaikumbuka ripoti yangu. Wale 64 wote walikuwa wanaishi hosteli, wanne chumba kimoja. Wangezungumza na nani tena kama si marafiki?

Nikadhani ni uzembe wangu wa mwanafunzi. Kumbe ni historia ya sayansi nzima.

SEHEMU YA 2

Twende Ujerumani, Leipzig, mwaka 1879. Wilhelm Wundt anafungua maabara ambayo vitabu vingi huitaja kuwa ya kwanza ya saikolojia. Alitaka kupima vitu kama muda unaopita kati ya mtu kusikia sauti na kubonyeza kitufe. Nani apimwe? Wanafunzi wake. Leo mmoja anakaa kupimwa na mwenzake anasoma saa, kesho wanabadilishana, na wakati mwingine profesa mwenyewe anakaa kitini. Wala hawakuona aibu, kwa sababu imani yao ilikuwa kwamba anayejichunguza lazima awe amefunzwa. Mpita njia angeharibu kipimo. Na kwa swali la sikio na kidole, huenda haikuwa hasara kubwa.

Wanafunzi wa Kimarekani waliosomea kule wakarudi kwao na kufungua maabara zao, na mazoea yakasafiri nao. Maswali ndiyo yakabadilika. Taratibu watafiti wakaacha kuuliza tu kuhusu sikio, wakaanza kuuliza kuhusu haki, hasira, utii, mapenzi na kujithamini. Aliyekaa kitini akabaki yuleyule. Mwaka 1946 Quinn McNemar, mtaalamu wa takwimu, alishalalamika kwamba sayansi ya tabia ya binadamu imekuwa kwa sehemu kubwa sayansi ya tabia ya wanafunzi wa mwaka wa pili chuoni. Walimsoma, wakaendelea.

Kwa nini waliendelea? Ukiangalia jinsi kazi inavyoendeshwa utaelewa haraka. Somo la utangulizi wa saikolojia katika chuo kikubwa cha Marekani lina mamia ya wanafunzi, na vyuo vingi viliweka utaratibu kwamba mwanafunzi ashiriki saa kadhaa za utafiti kama sehemu ya somo hilo. Mtafiti anayetaka watu 80 kufikia Ijumaa anawapata. Hakuna nauli wala mkalimani, hakuna kumwomba mjumbe ruhusa. Wanakuja kwa wakati, wanajua kujaza fomu, na hawaulizi "hii ni ya nini?" Naye profesa anapandishwa cheo kwa idadi ya makala. Mwenzangu, wewe ungeenda kijijini?

Wapo walioenda, au angalau walitoka nje ya geti. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Kurt Lewin alitaka kujua namna ya kuwafanya akina mama wa Kimarekani wapike moyo na figo za ng'ombe, maana nyama ya kawaida ilikuwa adimu. (Najua unacheka. Kwetu hiyo ni supu ya kupangia foleni.) Alijiuliza kwanza nani anaamua kinachoingia jikoni, akaenda kwa hao wenyewe: vikundi vya wanawake wa Msalaba Mwekundu waliokuwa wakijifunza uuguzi wa nyumbani. Vikundi vingine vilipewa mhadhara mzuri kuhusu vitamini na madini. Vingine vilijadiliana wenyewe kisha vikaamua. Baadaye walipofuatiliwa, katika waliosikiliza mhadhara asilimia 3 tu ndio walikuwa wamepika moja ya nyama ambazo hawakuwahi kuzipika. Katika waliojadiliana ilikuwa 32. Sisi tunaosimama mbele ya akina mama kliniki tukihubiri lishe nusu saa tuitazame vizuri hiyo 3. Na ujue, angewapima wanafunzi wanaolishwa na bwalo la chuo asingeweza hata kuuliza swali lake.

Lakini kazi za namna hiyo zilizidi kupungua. Mwaka 1986 David Sears alipopitia majarida ya saikolojia ya jamii alikuta kwamba karibu robo tatu ya tafiti za miaka ile zilitegemea wanafunzi wa vyuo vya Marekani.

SEHEMU YA 3

Sasa utaniuliza: kwani mwanafunzi si binadamu? Ni binadamu. Ili uone shida iko wapi, nikuonyeshe mchezo mmoja ulio mpakani mwa uchumi na saikolojia.

Nampa Asha shilingi 10,000 agawane na mtu asiyemjua na hatamjua. Asha anataja kiasi anachotoa. Yule mwingine akikubali, kila mmoja anachukua fungu lake. Akikataa, wote wanakosa. Mchezo unaishia hapo, hakuna kupatana bei. Kwa hesabu kavu, Asha angetoa shilingi 100 tu na mwenzake angekubali, maana mia si sifuri.

Watafiti wa Ujerumani waliujaribu na wanafunzi wa uchumi mjini Cologne, wakachapisha mwaka 1982. Hesabu kavu ilishindwa: watu walitoa kingi, na waliopewa kidogo mno wengi walikataa. Mwaka 1991 watafiti wengine wakatoka na majaribio ya miji minne: Jerusalem, Ljubljana, Pittsburgh na Tokyo. Tofauti zilikuwepo lakini ndogo, na toleo la kawaida lilikuwa nusu au karibu na nusu. Wengi wakaona mambo yamekwisha: nchi nne, mabara matatu, binadamu ana hisia ya haki ya kuzaliwa nayo. Lakini angalia tena walioketi kwenye viti katika miji ile minne. Wote wanafunzi.

Mwaka 1996 kijana anayesomea anthropolojia, Joseph Henrich, akaupeleka mchezo kwa Wamachiguenga, wakulima wa misitu ya Amazoni nchini Peru. Fedha haikuwa ya mchezo: ilizidi kidogo ujira wa siku mbili. Toleo la wastani lilikuwa asilimia 26, na lililotokea mara nyingi zaidi ni 15. Wanafunzi wa Los Angeles aliowalinganisha nao walitoa wastani wa 48. Kilichomshtua zaidi ni upande wa wapokeaji. Kati ya matoleo 21, moja tu lilikataliwa. Mtu alipewa kidogo, akachukua, akashukuru. Kwao ilikuwa kichekesho kukataa fedha ya bure, na kama hukuchaguliwa kuwa mgawaji, basi ni bahati tu, hakuna aliyekudhulumu.

Wenzake wakaubeba hadi jamii ndogondogo 15. Kwa wawindaji nyangumi wa Lamalera, Indonesia, wastani ulipita nusu, maana nyangumi hauawi na mtu mmoja na nyama yake ina utaratibu wa kugawa. Kwa Waau na Wagnau wa Papua Guinea Mpya kuna waliokataa hata matoleo yaliyozidi nusu, kwani kule zawadi kubwa usiyoiomba ni deni shingoni. Wahadzabe wa huku kwetu walitoa kama theluthi na walikataliana mara nyingi. Wanajulikana kwa kugawana nyama, ila kugawana kwenyewe kunakwenda na kudaiwa na kusukumana, na hapa mgawaji alikuwa amefichwa machoni pa watu.

Nchini Kenya, Waorma walipewa mchezo mwingine, wa kuchangia fungu la pamoja. Wakaupa jina papo hapo: harambee. Wakachangia kwa wastani asilimia 58. Hawakuwa wanacheza mchezo wa mtafiti, walikuwa kwenye harambee wanayoifahamu. Jambo hili naomba ulishike, maana linawahusu na wanafunzi. Nao waliufananisha mchezo na kitu cha maisha yao, labda kugawana bili ya chakula na wenzao, ila kwa kuwa mtafiti ametoka maisha yaleyale, hakuliona.

SEHEMU YA 4

Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alihesabu. Katika majarida sita makubwa ya chama cha wanasaikolojia cha Marekani, mwaka 2003 hadi 2007, asilimia 68 ya waliopimwa walikuwa Wamarekani, na 96 walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda, ambazo zina asilimia 12 hivi ya watu wa dunia. Katika jarida moja kubwa la saikolojia ya jamii, sampuli za Kimarekani zilikuwa wanafunzi wa saikolojia kwa asilimia 67. Zilizotoka nje ya Marekani? 80. Kwa hiyo ukisikia "tumefanya na Afrika pia", uliza ni chuo gani.

Miaka miwili baadaye Henrich na wenzake Steven Heine na Ara Norenzayan wakawapa watu hao jina: wa Magharibi, waliosoma, wa nchi za viwanda, matajiri, wa demokrasia. Herufi za kwanza kwa Kiingereza zinasomeka "wa ajabu". Hoja yao ilikuwa kali kuliko kusema sampuli ni finyu. Katika vipimo vingi, watu hawa wako pembezoni kabisa mwa mstari, yaani ungetafuta kundi baya la kuwakilisha binadamu wote, hilo lingekuwa miongoni mwa mabaya zaidi.

Ila tusiende upande wa pili. Mwaka 2018 mradi mkubwa ulirudia tafiti 28 katika nchi na maeneo 36, watu zaidi ya 15,000. Karibu nusu hazikupata matokeo ya mwanzo, na kwa kawaida ile iliyoshindwa ilishindwa kote, wala si kwa kubadilika kwa nchi. Utafiti mbovu hauponi kwa kubadilishiwa watu. Japo hata pale wengi wa waliopimwa walikuwa wanafunzi au watu wa mtandaoni, hivyo tofauti ya Hadzabe na Los Angeles hautaipata humo.

Siku hizi nikisoma makala naruka mwanzo, nakwenda palipoandikwa walioshiriki ni nani, kisha naisoma sentensi ya mwisho na kuangalia kama ni watu walewale. Juzi nimeifanyia hivyo ripoti yangu. Sentensi halali ingekuwa: "Wanafunzi 64 wa uuguzi, wanaokaa hosteli, walisema wakiwa na msongo huzungumza na marafiki." Nakala iko maktaba ya chuo, imejalidiwa vizuri, na kwenye jalada bado panasomeka "vijana wa Tanzania".